Kupanga matofali yatokeze nje ya meza: hesabu huanzia juu, ujenzi huanzia chini

Una matofali yanayofanana, na una meza yenye ukingo ulionyooka. Huna saruji, gundi wala kamba. Unataka kuyapanga moja juu ya jingine ili la juu kabisa lifike mbali kadiri iwezekanavyo nje ya ukingo. Kwa matofali manne tu, kwa hesabu, la juu linaweza kuwa nje ya meza lote, bila hata sehemu yake moja kuwa juu ya mbao. Kwa matofali matano halisi, yenye kingo zilizoliwa kidogo, jambo hilo linafanyika kwa mikono ya kawaida na rula. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kupata vipimo, namna ya kuyapanga, na namna ya kujua kosa liko wapi yakianguka.

Vipimo vyote hapa ni vya tofali lenye urefu wa mm 240. Kama lako lina urefu mwingine, pima kisha badilisha namba, kwa kuwa njia ni ile ile.

Kanuni moja inayotosha

Kila kitu kina nukta ambayo uzito wake wote unaweza kuhesabiwa kana kwamba umekusanyika hapo. Hiyo ndiyo kitovu cha uzito, na kwa tofali lililochomwa sawasawa kiko katikati, mm 120 kutoka kila ncha. Tofali linatulia kama kitovu chake kiko juu ya kitu kilicholibeba. Kikivuka ukingo wa kilicholibeba, hata kwa unywele, linapinduka.

Rundo la matofali linafuata kanuni hiyo hiyo, ila kwa sharti ambalo wengi hulisahau: lazima itimie kwenye kila mgusano. Chukua tofali la juu peke yake, kitovu chake kiwe juu ya tofali la pili. Chukua mawili ya juu kama kitu kimoja, kitovu chao cha pamoja kiwe juu ya tofali la tatu. Endelea hivyo hadi rundo zima, ambalo kitovu chake kiwe juu ya meza. Mgusano mmoja ukikosea, rundo linavunjika hapo hata kama mingine yote ni salama.

Kitovu cha pamoja cha vitu vyenye uzito sawa ni wastani wa vitovu vyao. Jumlisha umbali wa kila kimoja kutoka mahali ulipochagua, gawanya kwa idadi. Hakuna hesabu nyingine ngumu kuliko hiyo katika kazi hii nzima.

Kwa nini hesabu huanzia juu

Anayejaribu mara ya kwanza kwa kawaida huanza na tofali la chini. Analisukuma hadi nusu yake iko nje, anaona limetulia, anafurahi, halafu anaweka la pili likiwa limetokeza mbele kidogo ya la kwanza. Yote mawili yanaanguka. Sababu ni kwamba tofali la chini lilikwishamaliza nafasi yake yote: kitovu chake kilikuwa juu ya ukingo kabisa, kwa hiyo chochote kinachoongezwa mbele ya hapo kinavuta wastani nje ya meza.

Geuza mpango. Anza na tofali la juu, ambalo halibebi kitu. Linaweza kutokeza nusu ya urefu wake mbele ya la pili, yaani mm 120. Sasa chukua haya mawili kama kitu kimoja na uulize: tofali la pili litokeze kiasi gani mbele ya la tatu? Pima kutoka ncha ya mbele ya tofali la pili. Kitovu cha la juu kiko hapo hapo kwenye ncha, kwa sababu ndivyo tulivyoliweka, kwa hiyo umbali wake ni 0. Kitovu cha la pili kiko mm 120 nyuma. Wastani wa 0 na 120 ni 60. Kitovu cha pamoja kiko mm 60 nyuma ya ncha, basi tofali la pili linaweza kutokeza mm 60.

La tatu linaenda vivyo hivyo. Matofali mawili ya juu yana kitovu kwenye ncha ya la tatu, yaani 0 na 0, na la tatu lenyewe lina 120. Wastani ni 120 kwa 3, sawa na 40. La nne: 120 kwa 4, sawa na 30. Sasa mtindo unaonekana wenyewe: tofali la k kutoka juu linatokeza 120 kugawanya kwa k. Kwa herufi, ukiwa na urefu L na matofali n:

```
urefu uliotokeza = (L/2) × (1 + 1/2 + 1/3 + ... + 1/n)
```

Kwa manne: 120 + 60 + 40 + 30 = 250. Tofali lina mm 240, kwa hiyo ncha ya nyuma ya tofali la juu iko mm 10 nje ya ukingo wa meza. Hapo ndipo watu hukodoa macho.

Uzito wa tofali haukuingia popote katika hesabu hii. Uwe na matofali ya kilo 3 au dhumna za mfukoni, uwiano ni ule ule, mradi vyote vifanane.

Akiba: iondoe mahali pamoja tu

Ukijenga kwa namba hizo kamili, rundo halitasimama. Kila mgusano upo ukingoni kabisa, na hakuna tofali duniani lenye ncha kali kiasi hicho. Lazima kila kitovu kirudi nyuma kidogo ya ukingo unaokibeba. Huo umbali wa kurudi nyuma ndio ninaouita akiba.

Njia ambayo wengi hutumia ni kupunguza milimita chache kila hatua: 118, 58, 38, 28. Inaonekana ya haki, lakini haigawi usalama sawasawa. Mgusano wa juu unapata akiba ya mm 2 tu, wakati wa nne unapata mm 5, kwa sababu punguzo la juu linarudisha nyuma kitovu cha pamoja kwenye kila mgusano ulio chini yake. Umepoteza urefu chini na bado juu ni hatari.

Njia iliyo bora ni hii: toa akiba kwenye namba ya kwanza tu, kisha gawanya kama kawaida. Badala ya 120 chukua 110, na matofali yatokeze 110, 110/2, 110/3, 110/4 na kuendelea. Ukifanya hesabu ya wastani kwenye kila mgusano utakuta akiba ni mm 10 kila mahali, juu hadi chini, bila kujali idadi ya matofali. Hakuna mgusano dhaifu kuliko mwingine, na hakuna urefu uliotupwa bure.

Gharama yake ni hii: ukitaka tofali la juu liwe nje ya meza lote kwa matofali manne, akiba haiwezi kufika hata mm 5. Kwa matano, akiba inaweza kuwa hadi karibu mm 15. Kwa matofali ya kuchoma, mm 5 ni kujitafutia balaa. Tumia matano.

Kuchagua na kuandaa matofali

Chukua matofali yaliyochomwa vizuri, si mabichi. Uzito wa yote yaliyo juu hukandamiza ukanda mwembamba karibu na ukingo, na tofali bichi linamomonyoka hapo hapo. Ukingo ukimomonyoka mm 10, akiba yako imekwisha. Tofali lenye shimo la kubebea saruji upande mmoja linafaa, ila liweke shimo likitazama juu, lote kwa namna moja. Ya tanuri za kienyeji hupishana urefu, kwa hiyo pima kumi na uchague matano yanayokaribiana ndani ya mm 2.

Kisha fanya mambo matatu kwa kila tofali.

Kwanza, tafuta kitovu chake halisi. Laza kipande cha nondo ya mm 8 juu ya meza, weka tofali juu yake likikatisha, na lisogeze hadi litulie bila kuegemea upande. Piga mstari wa chaki ubavuni juu ya nondo. Geuza tofali nyuma-mbele na urudie. Mistari miwili ikiachana, chukua katikati yake. Mara nyingi utakuta kitovu kimekwenda upande mmoja kwa mm 3 au 4, kwa sababu ncha moja ilikaa karibu na moto zaidi au udongo ulishindiliwa zaidi. Weka alama ya mshale kwenye ncha nzito. Wakati wa kupanga, ncha nzito zote zitazame nyuma, kuelekea katikati ya meza. Hivyo kosa la tofali linageuka kuwa akiba ya ziada. Zikitazama mbele zote, akiba ya mm 10 inabaki 6.

Pili, angalia kama lina tumbo. Weka tofali moja juu ya jingine na ubonyeze pembe kwa kidole. Likibembea, lina uvimbe katikati, na hilo ni kosa la hatari kwa sababu halionekani: tofali litageukia kwenye uvimbe badala ya ukingoni, na hesabu yako yote ilichukulia ukingo. Sugua mawili pamoja yakiwa na mchanga mkavu katikati hadi yatulie. Lisipotulia, liweke kando.

Tatu, tazama ncha za juu za mbele. Ukingo uliochakaa kwa mviringo wa mm 4 maana yake sehemu inayobeba inaanzia mm 4 nyuma. Ndani ya akiba ya mm 10 kuna nafasi ya mviringo wa mm 4, kosa la kitovu la mm 3 na kosa la kupima la mm 2, na bado una mm 1. Ncha ikiwa imeliwa zaidi ya hapo, geuza tofali utumie ncha nyingine. Ukiwa na mashaka, shusha 110 iwe 106.

Matofali yakipishana uzito, lililo zito zaidi liwe chini na jepesi liwe juu. La chini ndilo lililo nyuma zaidi, na uzito wake unavuta kitovu ndani ya meza.

Kuandaa meza

Rundo likikamilika, uzito wake wote, kama kilo 15 kwa matofali matano makubwa, unakaa sentimita moja tu kutoka ukingoni. Meza ambayo mbao yake imetokeza mbali nje ya miguu inaweza kuinuka. Weka mzigo upande wa pili, au tumia ukuta mfupi au ngazi ya zege.

Weka pimamaji katika mwelekeo ambao matofali yatatokeza. Meza ikiinama mbele kwa digrii 1, ambayo ni kama mm 10 kwa kila mm 600 za mbao, rundo la matofali matano yenye kimo cha mm 70 linasogeza kitovu chake mbele kwa mm 3. Ni theluthi ya akiba. Ingiza kadibodi chini ya miguu ya mbele hadi povu litulie katikati.

Ukingo wa meza ukiwa wa mviringo, usipime kutoka ncha ya mbao. Laza rula ya chuma juu yake na utazame mwanga unaanza kupita wapi chini ya rula. Piga mstari hapo. Huo ndio ukingo wako.

Tandika gunia au mchanga sakafuni chini ya sehemu inayotokeza, na vaa viatu vilivyofunika vidole. Tofali la juu linaangukia mahali ambapo mjengaji amesimama.

Kupanga, hatua kwa hatua

Vipimo vya matofali matano, baada ya kushusha sehemu za milimita, ni hivi: la juu 110, la pili 55, la tatu 36, la nne 27, la tano ambalo ndilo la chini 22. Jumla ni 250.

1. Andika kwa chaki ubavuni mwa kila tofali kipimo chake, ukipima kutoka ncha ya mbele. La chini linapata mstari kwenye mm 22, linalofuata mm 27, na kuendelea hadi la juu lenye mstari kwenye mm 110. Kupima kabla ya kupanga ni bora kuliko kushika rula juu ya rundo linalotikisika.

2. Weka tofali la chini, mstari wake wa mm 22 ukiwa sawasawa na mstari wa ukingo wa meza.

3. Weka la mm 27 juu yake, mstari wake ukilingana na ncha ya mbele ya lile la chini. Lishushe wima kwa mikono miwili. Ukiliburuta litasogeza lililo chini. Tazama pia kutoka mbele kwamba mbavu zimelingana, kwa sababu tofali lililokwenda kombo linaweza kugeuka kwa pembe.

4. Endelea na la mm 36, kisha la mm 55. Hadi hapa rundo ni thabiti kuliko litakavyokuwa mwisho, kwa kuwa kila tofali unaloongeza limekwenda mbele kuliko yaliyotangulia na linavuta kitovu mbele. Rundo ambalo halijakamilika halianguki kama lililokamilika linasimama. Ndiyo sababu ujenzi unaanzia chini salama, ijapokuwa hesabu ilianzia juu.

5. Weka la mwisho, mstari wa mm 110 ukilingana na ncha ya mbele ya lile la mm 55. Usiliachie mara moja. Legeza vidole polepole huku ukisikiliza kama linataka kuinamisha ncha. Likiinama, lirudishe nyuma mm 5 na ujaribu tena.

6. Ning'iniza timazi kwenye ncha ya nyuma ya tofali la juu. Uzi upite mm 10 nje ya ukingo wa meza bila kugusa mbao. Hapo umethibitisha kwamba tofali la juu liko nje lote.

Hakiki kwa hesabu kabla ya kunyanyua tofali la kwanza. Pima vitovu kutoka ukingo wa meza, ukiandika hasi kwa vilivyo juu ya meza. Ncha ya la chini iko 22, toa 120 unapata −98. Linalofuata lina ncha 49, kitovu −71. Halafu 85 na −35, halafu 140 na 20, halafu 250 na 130. Jumla ya vitovu vitano ni −54, gawanya kwa 5 ni −10.8. Kitovu cha rundo zima kiko karibu mm 11 ndani ya meza. Fanya hivyo hivyo kwa manne ya juu: wastani ni 11, na ncha inayoyabeba iko 22, akiba 11. Matatu: 38.3 dhidi ya 49. Mawili: 75 dhidi ya 85. Moja: 130 dhidi ya 140. Hakuna mahali chini ya mm 10.

Yakianguka, soma yaliyobaki

Matofali yaliyosalia mezani yanakuambia kosa liko wapi, basi usiyaguse kabla hujayatazama. Likianguka moja na manne yakabaki, kosa ni la tofali la juu: ama limepimwa vibaya, ama la pili lina ncha iliyoliwa au tumbo. Yakianguka mawili pamoja na matatu yakabaki, tazama ncha ya la tatu. Likianguka rundo zima, kosa liko kwenye meza: ukingo wa mviringo, mwinamo, au mstari wa kwanza uliowekwa mbele mno.

Rundo likisimama dakika moja halafu likaanguka bila kuguswa, kagua ukingo uliobeba. Kwa kawaida utakuta vumbi jekundu na pembe mpya iliyovunjika. Ncha imekatika taratibu chini ya mzigo.

Unaweza kufika mbali kiasi gani?

Jumla ya 1 + 1/2 + 1/3 na kuendelea haina kikomo. Mfaransa Nicole Oresme alionyesha hilo kwenye karne ya 14 kwa njia nyepesi: 1/3 na 1/4 pamoja ni zaidi ya nusu; nne zinazofuata, kutoka 1/5 hadi 1/8, ni zaidi ya nusu tena; nane zinazofuata vilevile. Nusu hazitaisha. Kwa hiyo, kwa hesabu, matofali yanaweza kutokeza umbali wowote utakao.

Lakini jumla hiyo hukua kwa mwendo wa konokono. Bila akiba yoyote, matofali manne yanavuka urefu wa tofali moja. Kuvuka urefu wa mawili kunahitaji matofali 31. Kuvuka matatu, yaani mm 720, kunahitaji 227, na kwa kimo cha mm 70 hilo ni rundo la karibu mita 16. Tofali la chini katika rundo hilo lingetokeza nusu ya milimita tu, kipimo ambacho chaki yenyewe ni nene kuliko hicho. Kwa vitu vya mkononi, hufika mahali ambapo kila nyongeza ni ndogo kuliko makosa ya vifaa vyako.

Tofali kadhaa kwenye safu moja

Hayo yote ni kweli kwa rundo la tofali moja juu ya jingine. Ukiruhusu matofali mawili au zaidi kwenye safu moja, mengine yanaweza kukaa nyuma yakiwa uzito wa kukandamiza, na hapo unafika mbali zaidi kwa idadi ndogo.

Mfano mdogo kabisa una matofali matatu. Moja liko chini, nusu nje. Juu yake mawili yamelala yakigusana vichwa katikati, moja likienda mbele na jingine nyuma. Vitovu kutoka ukingoni ni 0, 120 na −120, wastani 0. Yametokeza mm 240, wakati matatu ya kawaida yanatoa 220. Lakini haya hayana akiba hata kidogo: vitovu vya yote mawili ya juu viko juu kabisa ya ncha za la chini, na huwezi kulirudisha moja nyuma bila kulisukuma jingine lianguke. Ni mfano wa kukokotoa tu.

Ukishawishika kuongeza safu ya tatu yenye matofali matatu juu ya hayo, kuwa makini. Kitovu cha yote sita bado kiko juu ya ukingo, na mtu akiangalia hapo tu atasema yatasimama. Hayasimami hata ukiyajenga katikati ya meza. Tofali la mbele la safu ya pili linabeba kwenye ncha yake ya mbele tofali zima, umbali wa mm 120 kutoka mahali linapogeukia. Upande wa pili linakandamizwa na nusu ya uzito wa tofali la kati, na umbali wake hauzidi mm 120. Uzito mmoja dhidi ya nusu: linageuka. Kitovu cha jumla hakikukosea, ila mgusano wa ndani ulikosea.

Dawa ni kuongeza uzito juu ya katikati. Weka safu ya nne yenye matofali mawili, kisha moja juu kabisa, upate umbo la almasi: 1, 2, 3, 2, 1. Sasa tofali la kati la safu ya tatu linakandamizwa na matatu ya juu, na kila upande linatoa karibu uzito wa matofali mawili badala ya nusu. Matofali ya safu ya nne pia yanagusa migongo ya yale ya pembeni na kuyazuia yasiinuke. Ukiirudisha almasi nzima mm 10 ndani ya meza, matofali 9 yanatokeza mm 350, na kuna akiba ya mm 10 kwenye kila ukingo. Rundo la kawaida lenye akiba hiyo hiyo linahitaji matofali 14.

Kwa ujenzi wake, hapa huwezi kwenda kutoka chini tu, kwa sababu safu tatu za kwanza haziwezi kusimama zenyewe. Simamisha miti miwili ya kuegemeza chini ya matofali ya pembeni ya safu ya pili na ya tatu, kila upande, ikiwa na kabari chini yake. Panga safu zote tano, hakikisha la juu limekaa katikati kabisa, kisha legeza kabari kidogo kidogo, mbele na nyuma kwa zamu. Ukiona tofali la pembeni linaifuata kabari chini, rudisha kabari na ukague kama safu ya nne inagusa kweli mgongo wa tofali hilo. Mara nyingi la kati la safu ya tatu lina kimo kikubwa kidogo, limeinua safu ya nne, na mwanga unapita kati yake na la pembeni. Libadilishe nafasi na lenye kimo kidogo.

Usiendeleze almasi hiyo bila hesabu, maana ile yenye safu ya kati ya matofali matano haisimami tena. Mike Paterson wa Chuo Kikuu cha Warwick na Uri Zwick wa Tel Aviv walichunguza mpangilio gani unafika mbali zaidi, wakaonyesha kwamba rundo lililopangwa kama ukuta, lenye mbavu za umbo la parabola, hutokeza kwa uwiano wa mzizi wa tatu wa idadi ya matofali. Kwa njia hiyo, kufika mbali mara mbili kunahitaji matofali mara nane. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2009 na ikapewa Tuzo ya David P. Robbins mwaka 2011. Mwaka huo huo wa 2009, wakishirikiana na Yuval Peres, Mikkel Thorup na Peter Winkler, walithibitisha pia kwamba hakuna mpangilio unaoweza kukua kwa kasi kuliko huo.